Swali la Mzee Gregori

Tumpe alikuwa na swali lake moja alilolipenda kupita kiasi. Unacheka? Basi hujawahi kutunga maswali kwa riziki. Mtu anayetunga maswali kutwa nzima, mengi yakiwa ya kunawa mikono na kuvaa glovu, akipata moja lenye akili hulitazama kama mama anavyomtazama mwanawe aliyevaa sare ya shule kwa mara ya kwanza.

Swali lenyewe lilimhusu mzee mmoja wa kubuni aitwaye Gregori, anayeishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanafunzi anapewa taarifa za wahudumu za wiki mbili azisome. Siku nyingine mzee anaoga vizuri tu, siku nyingine anakataa katakata na kushika nguzo ya kitanda. Hakuna palipoandikwa kwa nini. Lakini ukizilinganisha taarifa, ukatazama nani alikuwa zamu siku gani, utagundua kwamba mzee hukataa siku anazokuja mhudumu mwanamke. Kumbe anaona haya, masikini. Tumpe alilipachika lebo zake tatu kwa raha zote: mada ni usafi wa mwili, ugumu ni gumu, ngazi ya fikra ni kuchambua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Chuo kilikuwa kitongoji cha Seven Hills, juu ya duka la matairi, kikifundisha watu kazi ya kuhudumia wazee, na wanafunzi wengi walikuwa Wakongo wa Guildford na vitongoji vya jirani. Tumpe mwenyewe alikuwa mwalimu wa baiolojia Tukuyu kabla ya kuhamia Sydney, na hapa alikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Mkuu wa masomo, Mkenya aitwaye Mwangi, alikuwa amechoka kuona walimu wakitunga mitihani upya kila muhula na kuipoteza kila muhula.

"Nataka benki ya maswali," alimwambia siku ya kwanza. "Swali linaingia mara moja, na lebo zake. Mwakani mwalimu anaingia kwenye mfumo, anasema nipe mawili magumu ya usafi, ngazi ya kuchambua, na mfumo unamchotea. Hiyo tu. Lakini lebo zikiwa za uongo, Tumpe, ni kama tumeandika chumvi kwenye mkebe wa sukari. Hapo afadhali ninunue benki ya watu wengine, na sisi wawili tuagane vizuri."

Kuagana vizuri! Tumpe hakutaka kuagana, si vizuri wala vibaya. Alitaka kuthibitishwa kazini, na alitaka hivyo usiku na mchana.

Mwalimu wa darasa alikuwa Katembo, mtu wa Butembo, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Naye alichangia maswali, na yote, bila aibu, aliyawekea lebo ya gumu sana.

"Kaka Katembo, hili la kunawa mikono ni gumu kwa nani?"

"Kwangu! Dada, unajua nilitoka jasho namna gani kuliandika kwa Kiingereza?"

"Ugumu haupimwi kwa jasho la mtunzi. Unapimwa kwa wanaojibu, wangapi wamepata, wangapi wamekosa."

"Bon, basi weka jasho lao," akasema Katembo, akaenda zake kutafuta chai.

Tumpe alicheka na kubadilisha lebo. Kabla ya kuyajaribu maswali kwa wanafunzi, kama mtu makini, alimtumia Katembo maswali yake yote ayapitie, aone kama yamekaa sawa na masomo. Katembo alirudisha jibu fupi: mazuri, hasa la yule mzee. Tumpe alilisoma jibu hilo mara kadhaa, maana sifa ni tamu, tusidanganyane.

Siku ya kuyajaribu ikafika. Wanafunzi ishirini wakakaa kwenye kompyuta, Mwangi akavuta kiti, Tumpe akafungua matokeo. Mpango ulikuwa rahisi: yenye lebo ya rahisi yapatwe na wengi, yenye lebo ya gumu yapatwe na wachache.

Mama yangu! Swali la Mzee Gregori, gumu, kuchambua, lile kipenzi, lilikuwa limepatwa na wote. Wote ishirini! Na swali jepesi kuliko yote, lililouliza fomu ya kuripoti mtu aliyeanguka ina namba gani, lilikuwa limepatwa na mmoja.

Mwangi alijikuna shingo. "Sasa hapa sukari ni ipi na chumvi ni ipi?"

"Hili la fomu ni la kukumbuka tu," Tumpe akajitetea. "Kukumbuka ni rahisi."

"Wewe unaikumbuka hiyo namba?"

Tumpe akaitafuta kichwani. Hakuikumbuka, na yeye ndiye aliyelitunga swali. Hapo hapo akaliona kosa lake, likamkera kama kijiwe kwenye kiatu: alikuwa ameziunganisha lebo mbili zisizo ndugu. Kitu kinaweza kuwa cha kukumbuka tu na bado kikawa kigumu ajabu, na kingine kikataka kuchambua na kisiwe kigumu kiasi hicho. Ngazi ya fikra inasema akili inafanya kazi gani. Ugumu unasema wangapi wanaiweza.

Hilo akalikubali. Lakini la Mzee Gregori lilimkaa kooni. Ishirini kwa ishirini? Hapana, hapo pana mkono wa mtu.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia Mwangi.

"Ijumaa ndiyo mwisho wa kuamua kazi yako, dada yangu. Siwezi kusogeza zaidi."

Alimkuta Katembo jikoni akipasha moto wali na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye maikrowevu. Hakumsalimu hata.

"Kaka, umewapa wanafunzi majibu?"

Katembo aligeuka na kijiko mkononi. "Miye? Majibu? Dada Tumpe, miye ni mtu wa kanisa!"

"Basi wamelijuaje swali la mzee, wote ishirini?"

"Si kwa sababu niliwafundisha!" Uso wake ukachanua. "Ile histoire, ile hadithi yako, nzuri sana. Niliwaigizia. Nilijifunga taulo hapa kiunoni, mwanafunzi mmoja, Ketsia, akawa mhudumu, miye nikashika mlango nalia, 'Hapana, hapana, uniletee mwanaume!' Banafunzi bangu balicheka mpaka bakalala chini. Hakuna atakayesahau, nakuapia."

Tumpe aliketi. Alitaka kupiga kelele, na papo hapo alimwona Katembo na taulo lake, kicheko kikamtoka puani bila idhini. Kisha hasira ikarudi pale pale ilipokuwa.

"Sasa hawakuchambua chochote, kaka. Hawakusoma hata taarifa moja. Wamemkumbuka mtu na taulo! Kwa watu wako swali langu limegeuka la kukumbuka, na rahisi kabisa."

"Lakini bamepata," Katembo akasema kwa unyonge.

Angeweza kwenda kwa Mwangi akasema ni Katembo, akajiosha. Wazo hilo lilimpitia, na si kwamba lilipita haraka. Lakini nani aliyemtumia Katembo maswali ya mtihani wiki tatu kabla, bila kumwambia haya ni ya mtihani? Ni yeye, mtu makini. Akamwandikia Mwangi ukweli mtupu, kisha akakaa kutunga.

Alitunga ndugu wa lile swali: kazi ya akili ile ile, watu wengine kabisa. Safari hii Bibi Elizabeti anakataa chakula. Taarifa zinaonyesha uji wa asubuhi anamaliza, supu anamaliza, ndizi mbivu anaomba na nyingine. Nyama na mkate anasukuma. Na katikati ya taarifa, mstari mmoja tu, kwamba alipewa meno mapya ya bandia Jumatatu. Jibu sahihi: meno yanamuumiza, yaangaliwe. Majibu mengine yalikuwa ya kuvutia pia: kwamba hana hamu ya kula, kwamba amekasirikia familia yake, na moja alilolichomeka kwa makusudi, kwamba anaona haya kula mbele ya mhudumu mwanamume. Katembo hakuonyeshwa hata nukta.

Ijumaa wakajibu. Mwangi akavuta kiti kile kile. Waliopata: wanane. Waliokosa: kumi na wawili, na kumi kati yao walikuwa wamechagua lile la haya.

"Wamekosa!" Tumpe aliruka, akapiga makofi. "Wamekosa, Mwangi! Asante Mungu, wamekosa!"

Mwangi alimtazama kama anamwona mtu kwa mara ya kwanza, kisha akaanza kucheka. "Hili sasa ni gumu la ukweli. Tutaendelea kulitazama na madarasa mengine, lakini lebo imekaa." Akatoa simu, akaandika kwa ofisi hapo hapo kwamba Tumpe athibitishwe. Sharti lake likawa moja: maswali ya mazoezi yakae kwenye kundi lake, walimu wayaone wapendavyo, ya mtihani yakae kwenye lingine, mwalimu wa darasa asiyaone kabla. Tumpe alikubali kabla Mwangi hajamaliza sentensi.

Furaha ile ilidumu mpaka mlango ulipofunguliwa. Katembo aliingia polepole, bila ile sauti yake.

"Nimeona matokeo," akasema. "Ketsia naye amechagua lile la haya. Ketsia! Mwanafunzi wangu wa kwanza darasani."

"Pole, kaka."

"Bibi wa watu meno yanamuuma, na banafunzi bangu beko banamtafutia mhudumu mwanamke." Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Jumatatu wanaenda kwenye nyumba ya wazee kule Quakers Hill kufanya mazoezi ya kazi. Wazee wa kweli, dada. Miye nilifikiri nimewafundisha kusoma taarifa. Kumbe nimewafundisha taulo."

Tumpe akamsogezea kiti. Katembo hakukaa.

"Wako bado darasani. Niwafundishe tena sasa hivi. Nipe swali lingine moja, la kuchambua. Moja tu."

Tumpe akaifunga kompyuta yake kwa viganja viwili. "La mtihani? Wala usinitazame hivyo."

"Hata kichwa chake tu?"

"Hata lebo. Tunga lako. Na ukiwapa, wasome wenyewe, wewe unyamaze."

Katembo akaenda darasani. Ukuta ulikuwa mwembamba, Tumpe akasikia kila kitu: mzee fulani asiyelala usiku, taarifa zake zikigawiwa, viti vikikwaruza sakafu. Sauti ya Ketsia ikauliza, "Mwalimu, hutuigizii?" Katembo akasema hapana, someni, linganisheni. Darasa likatulia. Likatulia sana. Sekunde zikapita, kisha hatua nzito zikakimbia koridoni, na kichwa cha Katembo kikachungulia mlangoni kikitiririka jasho.

"Dada Tumpe," akanong'ona, "njoo unikalie karibu. Beko karibu kulipata jibu, benyewe tu, na miye siwezi kunyamaza peke yangu."