Picha Ambazo Sikuzipiga

Watu wa Genkuru wanasema Jumamosi ile nilichomoa waya wa runinga ya Mwikwabe kwa kiburi. Sibishi. Kiburi nilikuwa nacho, na kingine nilikiacha nyumbani. Ila waliokuwemo kwenye banda lake la video wanajua nilichomoa kwa ajili ya nani.

Mimi ni Lilian, mpiga video za harusi. Kuanzia Sirari mpaka Mugumu, kama umewahi kuona bibi harusi akilishwa keki, kuna uwezekano mkubwa kamera ilikuwa begani kwangu. Kazi ile inanilisha na siidharau. Lakini mwaka jana nilitengeneza filamu, filamu kweli, na aliyeibeba filamu hiyo ni shangazi yangu Agustina wa Itiryo.

Shangazi alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume. Shemeji yake akaanza kuwahesabu ng'ombe wa marehemu kana kwamba ni wake. Shangazi hakulia wala hakuomba baraza. Alichukua ng'ombe walewale akatoa mahari, akaoa msichana kwa mila yetu ya nyumba ntobhu: mwanamke akioa mwanamke mwenzake, watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake, na mali inabaki hapo. Siku anawapeleka ng'ombe wa mahari, wanaume mnadani walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Nilipomwomba aigize habari hiyo yeye mwenyewe, alinipa sharti.

"Nilichekwa nikiwa na kamba ya ng'ombe mkononi," akasema. "Nikichekwa tena kwa ajili ya hiyo picha yako, Lilian, kwangu usirudi."

Shangazi yangu hana tabia ya kutania. Nikakubali.

Banda la video linalojaa Genkuru ni la Mwikwabe: mabati, mabenchi, na mbele runinga mpya ya inchi sabini na tano, ambayo anaifuta vumbi kwa kanga ya mkewe. Rimoti inakaa mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo. Aliinunua kwa ajili ya mpira, na siku za mechi vijana wa mgodini hawapati pa kukaa. Filamu ndizo zilizokuwa zinamsumbua.

"Tangu nilete hii mashine, watu wa filamu wamepungua," aliniambia nilipompelekea flashi yangu siku ya Ijumaa. "Wanasema nawawekea za bei rahisi. Zilezile za zamani! Simu zimewaharibu watu, dada."

"Weka yangu tuone."

Akaichomeka flashi ubavuni mwa runinga. Shangazi akatokea akitembea zizini. Nilikuwa nimehangaika miezi na mwanga wa asubuhi ile, na sasa nilikuwa natazama harusi. Kila kitu kilikuwa laini mno, kinateleza. Shangazi hakuwa mjane tena. Alikuwa Agustina wa Itiryo aliyevaa nguo za kuazima, na mtu amesimama pembeni na kamera.

"Unaona?" Mwikwabe akasema. "Si video ya harusi hii? Usinikasirikie, ndiyo kazi yako."

Nilimkasirikia sana. Lakini nilijua mchawi ni nani.

"Kaka, harusi napiga picha hamsini kwa kila sekunde," nikamwambia. "Taarifa ya habari hivyohivyo, na mpira wako hivyohivyo. Filamu inapigwa ishirini na nne, na katika kila picha kitu kinachokwenda kinaacha ukungu kidogo. Macho yetu yameizoea hali hiyo tangu tuzaliwe. Tukiiona, tunajua tunasimuliwa jambo. Sasa runinga yako inaona ishirini na nne ni chache. Inachukua picha moja na inayofuata, inakisia katikati palikuwa na nini, halafu inachora za kwake na kuzipachika. Nusu ya unachokiona hapo mimi sikukipiga."

"Kwa hiyo inaongeza," akasema kwa fahari. "Ubora."

"Ni ubora wa nani? Angalia fimbo ya Simon."

Simon ni jirani yetu, ndiye aliyeigiza shemeji. Alikuwa anapunga fimbo mbele ya kihenge cha mtama. Kila fimbo ilipopita, fito za kihenge nyuma yake zilitetemeka kama hewa juu ya jiko la mkaa.

"Hapo imekisia vibaya," nikasema. "Haijui fimbo inaishia wapi na kihenge kinaanzia wapi."

Mwikwabe akasogea karibu, akakunja uso. Akanipa rimoti kama mtu anayempa mgeni mtoto mchanga. Niliingia kwenye mipangilio ya picha, nikashuka mpaka sehemu ya mwendo, ambayo kila kiwanda kinaipa jina lake tamu. Nikazima. Shangazi akarudi kuwa mjane. Kamera ilipogeuka kufuata ng'ombe, picha ilishtukashtuka kidogo, na Mwikwabe akadakia.

"Sasa inaruka!"

"Inaruka kidogo, ndiyo. Filamu ndivyo ilivyo. Iache."

"Mpira ukiharibika, Lilian, nitakutafuta mpaka Sirari."

"Mpira unakuja ukiwa laini kutoka uwanjani. Hauhitaji kukisiwa."

Nikaondoka nikijiona nimemaliza kazi. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilitokana na banda. Mwikwabe, kama wenye mabanda wote huku kwetu, hachezeshi filamu kupitia ubavu wa runinga. Siku ya wateja flashi inachomekwa kwenye deki, maana deki ndiyo imefungwa na zile spika kubwa, na filamu isiyotetemesha mabati mtu wa Genkuru haihesabu. Runinga nayo inakumbuka mipangilio ya kila mlango wa kuchomekea waya peke yake. Nilizima ulaini kwenye mlango wa flashi. Kwenye mlango wa deki ulikuwa umekaa palepale, umejinyoosha.

Jumamosi jioni banda lilijaa. Shangazi alifika na wanakwaya wenzake wa Itiryo, amevaa kitenge cha Pasaka. Vijana wakampisha benchi la mbele, shikamoo mama, shikamoo mama, naye akaitikia kila mmoja. Simon akakaa kulia kwake, amechomekea shati. Mimi nilibaki mlangoni nikipokea watu, moyo umetulia kabisa.

Taa zikazimwa. Nikasikia kicheko kabla sijageuka.

Pale mbele Shangazi alikuwa anatembea zizini akiteleza, laini, waziwazi, kama mtu aliyevamiwa na kamera akienda chooni.

"Agustina anaigiza!" mtu akapiga kelele.

"Keki iko wapi?" mwingine akauliza, na banda zima likaangua kicheko.

Kwenye runinga shemeji alimnyang'anya mjane kamba ya ng'ombe. Palikuwa mahali pa kunyamaza. Watu wakacheka zaidi, kwa sababu walikuwa wanamwona Simon, Simon wa duka la mbolea, anajifanya mkali. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amenyooka, mikono magotini, hatazami runinga wala watu. Nikajua ndivyo alivyosimama siku ile mnadani.

Nilifika kwa Mwikwabe nikiwa nimewakanyaga watu wasiopungua benchi zima.

"Nipe rimoti."

"Si ulizima mwenyewe jana? Usisingizie mashine yangu."

"Nilizima mlango mwingine. Huu wa deki una mipangilio yake. Nipe rimoti, kaka."

"Kesho nina mechi kubwa hapa. Mashine haiguswi tena. Filamu yako ikiwachosha natoa, naweka nyingine."

Akafunga kifungo cha mfuko wa shati. Nafikiri ni kile kifungo kilichoniwasha. Nilipita mbele, nikapeleka mkono nyuma ya runinga, nikachomoa waya wa deki.

Kioo kikawa cheusi. Banda likalipuka. Waliniita majina ambayo mama zao wangeona aibu kuyasikia. Mwikwabe akawasha taa, akanijia.

"Toka mbele ya runinga yangu!"

"Sitoki."

"Lilian!"

"Nitoe basi. Mnyanyue mwanamke mbele ya watu wote hawa umtupe nje, tukuone." Nikawageukia wao. "Na ninyi! Mmelipa kuangalia filamu, mnaonyeshwa takataka za kubuni. Hii mashine imechora picha zake ikazichanganya na zangu. Ndiyo maana zile filamu zenu za vita mnaziona siku hizi kama maigizo ya shule. Mlidhani zimechakaa? Inazilainisha mpaka zinakuwa harusi. Mnacheka kazi ya runinga, siyo ya Shangazi yangu."

"Kweli, hata zile za vita," akasema Heche, kijana wa mgodini, kutoka katikati. "Mimi nilisema tangu mwezi uliopita."

"Nyamaza wewe mura," Mwikwabe akamwambia, lakini sauti ilikuwa imepungua nguvu.

Ndipo Shangazi aliposimama. Alikwenda taratibu mpaka kwa Mwikwabe, akamnyooshea mkono, kiganja juu.

"Mwanangu, nipe hicho kitu."

Mama wa umri ule akikunyooshea mkono mbele ya kanisa lake lote, hakuna kifungo kitakachokusaidia. Mwikwabe akatoa rimoti. Shangazi akanipa mimi bila kunitazama, akarudi kukaa.

Nikachomeka waya, maana mipangilio ya mlango ule inaguswa ukiwa kwenye mlango uleule. Picha. Mwendo. Zima. Nikarudisha filamu mwanzo, na rimoti nikabaki nayo. Taa zikazimwa tena.

Zizi. Asubuhi. Mwanamke akatembea kuelekea kwa ng'ombe wake.

Kuna mmoja alijaribu kucheka, akajikuta peke yake. Wengine walikuwa wanamtazama mjane wanayemwona kwa mara ya kwanza. Shemeji alipotokea na fimbo, kihenge nyuma yake kilitulia. Akaishika kamba ya ng'ombe, mjane naye akaishika, wakavutana bila neno, na nikasikia benchi la mbele likilia kwa watu kusogea.

Shemeji akavuta kwa nguvu. Mjane akaanguka.

"Mwachie! Mwizi we, mwachie ng'ombe wake!"

Aliyepiga kelele alikuwa Shangazi. Alikuwa amesimama, kidole kimenyooka kwenye runinga, anamtukana shemeji kwa Kikurya kitupu, huku Simon mwenyewe ameketi pale chini ya kiwiko chake, amejikunyata. Halafu wanakwaya wakasimama naye. Halafu Heche. Banda zima likawa linamtetea yule mwanamke, wanaume kwa sauti kubwa kuliko wote, na wengine kati yao walikuwa mnadani siku ile.

Mwikwabe alikuja kusimama karibu yangu, ananong'ona.

"Ikiisha unirudishie rimoti, niweke kama ilivyokuwa. Kesho ni mpira."

"Kamwombe Shangazi," nikamjibu, na mwisho wa filamu nilikwenda kumpa Shangazi rimoti hiyo. Aliitia kwenye pochi yake, pamoja na kitabu cha nyimbo, akaifunga zipu.