Mkono wa Popo

Zadock alikuwa na hasira za karibu. Mafundi wote wa duka la Bwana Lalji, pale nyuma ya soko la mjini, walizijua kama walivyojua mlio wa cherehani zao. Ukimsalimu akiwa na mkasi mkononi, amekasirika. Usipomsalimu, ndiyo kabisa. Lakini alikuwa mkataji, na katika duka la ushonaji mkataji ndiye mwenye meza kubwa, wengine wote wanashona alichokikata yeye. Kwa hiyo walimvumilia.

Mwaka huo wa hamsini na nane ilikuja kazi ya magauni ishirini na moja. Yalikuwa ya wanawake wa kiwanda cha dobi kule Westlands, wanaofua na kuanika mashuka ya mahoteli. Lalji aliwaambia Zadock na Kivuva, fundi wa Kikamba aliyekaa cherehani ya dirishani, kila mmoja achore mchoro wake, naye atachagua.

Kivuva alichora raglani. Mshono wake unaanzia shingoni, unashuka kwa mshazari hadi kwapani, na bega lote linakwenda na mkono. Juu ya bega alitia mkunjo mmoja mrefu ili nguo ikae. Kwapa akaliacha juu, karibu na mwili.

"Bega la kila mwanamke lina lake," alisema. "La huyu limeshuka, la yule limekaa juu. Hapa hakuna mshono wa kugombana na ncha ya bega. Na mkono ukiinuka, unainuka peke yake. Mwili wa gauni unabaki chini."

"Unakula kitambaa kiasi gani?" Lalji aliuliza.

"Nusu yadi zaidi kila gauni. Mikono inakatwa kando."

Zadock alicheka kwa pua. Yeye alichora dolmani, ile ambayo mafundi waliiita mkono wa popo. Mkono na mwili ni kipande kimoja, hakuna mkono wa kupachika, na kwapa linashuka hadi karibu na kiuno. Kitambaa kilikuwa na upana wa inchi thelathini na sita tu. Mkono ulionyooka pembeni usingetosha humo, kwa hiyo aliuinamisha sana, ukaelekea chini, ukaenea. Alishona gauni moja la mfano, akalivisha sanamu la dukani. Bega lilitelemka toka shingoni hadi kwenye kiwiko bila mshono hata mmoja, laini kama maji. Lalji alilizunguka mara mbili.

"Hii," akasema.

"Sanamu halina mikono," Kivuva alisema polepole.

"Wivu nao ni ugonjwa, Kivuva," Zadock alisema. "Nenda ukashone."

Akashona. Wote walishona, juma zima, na Ijumaa magauni yakapelekwa.

Jumatatu mchana Zadock alitembea hadi Westlands kwa miguu, amevaa koti, kwenda kujionea kazi yake. Tena mkewe Peres alikuwa mmoja wa wale ishirini na mmoja. Walikuwa wakikaa Kangemi, na Peres alikuwa akiamka kabla ya jogoo awahi kamba za kuanikia.

Kabla hajafika alisikia kicheko. Wanaume kama kumi walikuwa wamesimama nje ya uzio wa kiwanda, wameacha njia zao. Ndani, wanawake walikuwa wakianika. Kamba ziko juu, shuka lililolowa ni zito, lazima mtu anyooshe mikono yote miwili. Na kila mikono ilipopanda, gauni zima lilipanda nayo, pindo likapita magoti, likapita na mapaja. Wanaume wakapiga miluzi. Mwanamke akashusha mkono mmoja kushika gauni, shuka likaanguka matopeni.

Zadock aliona giza. Aliokota jiwe, akawarushia wale wanaume matusi ya kwao na ya mjini, wakatawanyika. Kisha akamgeukia nyapara aliyekuwa mlangoni.

"Na wewe unatazama tu? Hawa si wake za watu?"

"Mimi natazama mashuka," nyapara alisema. "Kumi na manne yameanguka leo, tisa ni ya Peres. Memsahib mwenye kiwanda amesema kesho asipoanika kwa mikono miwili, asije tena."

Peres alikuja uzioni, gauni limemganda kwa maji na tope. Hakumwamkia.

"Mama Caren, nitamvunja mtu leo," Zadock alisema. "Yule Kivuva ameishona vibaya makusudi."

"Baba Caren, wacha kunipigia kelele. Jana Jumapili nilipovaa hii gauni nyumbani, niliinua mkono nikakwambia inapanda. Ulinijibu nini?"

Zadock aliinama kulitazama pindo.

"Ulisema, simama wima, usiniharibie bega." Akarudi kwenye kamba zake.

Mtu mwingine angetulia hapo. Zadock alirudi mjini akiwaka, akaingia dukani, akamshika Kivuva shingo mbele ya Lalji na mafundi wote.

"Umeniharibia mshono makusudi!"

Kivuva aliutoa ule mkono taratibu. Akaenda kwa sanamu, akalivua gauni la mfano, akamtupia Zadock kifuani.

"Vaa. Hii niliishona mimi? Uliishona wewe. Vaa halafu unishushie lile jora la kitambaa la rafu ya juu."

Mafundi wote wakaacha kushona. Angekataa wangesema ameogopa gauni, basi akalivaa juu ya suruali kwa hasira tupu, akanyoosha mikono kwenye rafu. Kwapa lile la chini likakaza. Halikuwa na kitambaa cha kunyooka, kwa hiyo lilivuta kilichokuwepo, na kilichokuwepo ni gauni lote. Pindo lilisimama kiunoni. Zadock alijitazama. Alivuta tena, kwa nguvu, kana kwamba atalishinda. Mshono wa ubavuni ukaachia.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Raglani haiwezekani tena, kitambaa kimekwisha," alisema baadaye, sauti imekauka. "Nifanyeje?"

"Pasua kutoka kwapani kuelekea shingoni," Kivuva alisema. "Tia kiraka cha pembe nne, kipana kama kiganja, ukikate mshazari kivutike. Mabaki yapo. Haitakuwa nzuri kama ulivyochora."

Kesho yake asubuhi Zadock alisimama kiwandani na gauni la Peres, sasa lina viraka kwapani. Peres alilivaa, akachukua shuka, akanyoosha mikono yote miwili. Gauni lilipanda kidogo tu, magoti yakabaki ndani. Memsahib alitazama viraka akakunja uso.

"Nani ameharibu nguo hii?"

Nyapara alitafsiri. Zadock alijua jibu moja ambalo lingembakizia meza yake kubwa, na jina la Kivuva lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mimi," alisema. "Nilichora vibaya zote ishirini na moja. Wanawake hawana kosa. Wasiandikiwe kosa la mashuka."

Peres alibaki kazini. Barua ya memsahib, pamoja na yale magauni mengine, ilimfikia Lalji kabla ya saa sita, na saa nane Kivuva alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia. Zadock alipewa cherehani ya dirishani na rundo la magauni ishirini ya kupasua kwapa.

Alikaa. Akatafuta katika duka zima mtu wa kumkasirikia, akatazama na dirishani, asimpate. Akachukua gauni la kwanza, akalipasua.