Saa Isiyoona Jua

Jirani yetu Gervasi na wenzake walipovunja mlango wetu pale Gungu, mume wangu Ndizeye alikuwa usingizini, na jua lilikuwa utosini. Fimbo ya kwanza ilimkuta hajaamka. Ya pili ikamvunja mkono.

"Murozi!" Gervasi alipiga kelele. "Analala mchana kutwa, usiku anakwenda kumroga nani?"

Mtoto wake alikuwa amefariki juma lile, naye alitaka mchawi, awe yeyote. Nilinyakua sufuria ya maharage yanayochemka nikawamwagia. Walitoka mbio, mmoja akilia kwa sauti. Huruma? Sikuwa nayo hata chembe.

Ndizeye hana macho. Betri ya taa za kuvulia dagaa ilimlipukia usoni, na hospitali wakayatoa yote mawili. Tangu hapo usingizi wake huhama: kuna wiki analala usiku kama watu, kisha anasinzia alfajiri, kisha mchana, halafu taratibu unarudi usiku.

Daktari Sia alipokuwa akimfunga mkono aliniuliza habari hizo zote, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, huyu si mchawi. Ubongo una saa yake, na kwa wengi wetu inachelewa kidogo kila siku. Mwanga unaoingia machoni ndio unaoirudisha sawa. Kwake hauingii, basi saa inazidi kuchelewa, na usingizi unaifuata."

"Ina dawa?"

"Saa hiyo ikisema ni usiku, ubongo hutoa melatonini, homoni inayouarifu mwili. Nitamwagizia vidonge vyake. Ameze kila jioni, wakati uleule, asiruke. Havimlazi kwa nguvu. Vinaishika saa isihame. Msichoke, huenda ikachukua miezi."

Hatukuchoka. Mfupa uliunga, na usingizi ukatulia usiku. Gervasi hakuambiwa.

Alirudi peke yake mchana mmoja, na panga mkononi, akiamini atamkuta Ndizeye amelala kama siku ile. Nilikuwa uani namenya muhogo. Alinipiga ngumi, mdomo ukapasuka, akaingia ndani, nami nikamfuata.

Ndizeye alikuwa amesimama nyuma ya mlango, hana hata lepe la usingizi, ameshika mchi. Alizisikiliza hatua za Gervasi, akapiga. Bega lilivunjika, nikausikia mfupa. Panga likaanguka, nikaliokota.

"Mmalize!" nilimwambia mume wangu, damu ikinichuruzika kidevuni. Nilitaka kwa moyo wangu wote. "Mmalize, au nimmalize mimi!"

Gervasi alikuwa sakafuni, akilia.

"Kwa nini hukulala?" alimuuliza Ndizeye. "Kwa nini leo hukulala?"

"Nililala usiku," Ndizeye akasema, akauweka mchi chini. "Wewe je?"

"Tangu tumzike mtoto, sijalala."

Ndizeye alipapasa sakafu mpaka akampata, akakaa kando yake. Mimi nilibaki nimeinua panga, na mkono wangu ulikataa kuliweka chini.