Mwizi Ameingia, Mwizi Aliingia

Bi Mwanakheri alifika kituo cha polisi cha Pangani anahema, ufunguo wa stoo mkononi.

"Afande, mwizi ameingia stoo kwangu. Nimemfungia."

Koplo Mnkeni akafungua daftari, akaandika taratibu huku akijisomea: "Mwizi aliingia stoo. Mlalamikaji alimfungia."

"Usinibadilishie maneno, mwanangu! Ukisema aliingia, mtu atadhani keshatoka. Huyu ameingia, yumo humo humo!"

"Mama, maelezo ya polisi ndivyo yanavyoandikwa. Hakimu atayasoma mwakani. Atakuwa bado yumo stoo?"

"Basi twende, tumkamate!"

"Kwanza jina la baba."

Bi Mwanakheri akataja jina la baba, la babu, kabila na dini, sauti ikizidi kupanda kwa kila jibu. Akatia sahihi kwa hasira hadi karatasi ikatoboka. Ndipo wakaondoka.

Kufuli walilikuta pale pale, limefungwa vizuri. Nondo za dirisha zilikuwa chini, na magunia mawili ya nazi hayakuwepo, wala mwizi.

Koplo alichungulia ndani, akafunga daftari.

"Unaona, mama? Hatuna hata neno moja la kusahihisha."