Swichi Iliyokataa Kukaa

Mzee Waya alimpokea binti yake mlangoni akiwa ameshika kwa vidole viwili swichi ya usalama kuukuu, ile inayokata umeme wote ukivuja, kama mtu anayetupa panya.

"Nimeitoa hii, nimefunga mpya, na mpya nayo haikai. Ukiinua tu, inajikata. Siku hizi wanatuuzia takataka, mama."

Alimwita mama kwa sababu alikuwa wajina wa mama yake mzazi. Binti alicheka, lakini aliingiwa na wasiwasi. Kwa miaka arobaini baba yake alikuwa akiwafundisha mafundi, na yeye akiwamo, kwamba kubadilisha kifaa kabla ya kupima waya ni kazi ya mvivu.

"Ulipima kwanza, baba?"

"Nipime nini? Nimechomoa friji, pasi, redio, mpaka chaja ya simu. Nimezima breka zote. Umeme uvujie wapi tena, puani mwangu?"

Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua kwamba breka ya kawaida hukata waya wa moto peke yake. Nyutro, ule waya wa kurudi, hubaki umeungwa, na ukigusana na waya wa ardhi mahali popote ndani ya ukuta, swichi ya usalama itajikata hata nyumba ikiwa tupu. Mzee Waya ndiye aliyemfundisha jambo hilo, akimchorea kwa chaki sakafuni alipokuwa na miaka kumi na sita.

Asubuhi ile kaka yake alikuwa amempigia simu. "Dada, Mzee anasahau. Juzi aliniuliza watoto wangu ni wangapi. Kesho anaanza kutandaza waya upya kwenye zahanati, chumba cha kujifungulia. Mzuie." Naye akamjibu kwa hasira kwamba mwenye kusahau ni yeye, anayepita kumwona baba mara mbili kwa mwaka. Walipokwisha kugombana, akaahidi: nikikuta amekosea kazi, nitamwambia mwenyewe. Aliahidi kwa sababu hakuamini.

Basi akashika kazi. Alikata umeme kwenye swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba umekufa, kisha akafungua waya mbili zinazotoka kwenye ile swichi mpya kwenda nyumba nzima. Akarudisha umeme, akainua. Ikakaa. Akabonyeza kitufe cha majaribio, ikajikata kama inavyotakiwa.

"Swichi haina ubaya, baba. Imesingiziwa bure."

"Kumbe," mzee alisema, akakaa kwenye kiti chake cha sebuleni. "Basi ni waya. Toa nyutro moja moja, pima na mega." Sauti ilikuwa ile ile ya zamani, ya amri, na binti akashukuru Mungu. Labda ni uchovu tu. Mama alikuwa amefariki miezi saba iliyopita, na nani asiyechoka akiachwa peke yake na nyumba?

Akakata umeme tena, akatoa nyutro zote kwenye reli, kipande cha shaba zinakoungwa pamoja, akazipima moja baada ya nyingine dhidi ya waya wa ardhi kwa mega, kipimo ambacho sindano yake hulala kwenye sifuri waya mbili zikigusana. Taa, sawa. Jikoni, sawa. Vyumbani, sawa. Soketi za sebuleni: sindano ililala kwenye sifuri, haikunyanyuka hata kidogo.

Alifungua soketi moja baada ya nyingine, akitenganisha waya ili ajue kipande kipi kina ugonjwa. Kikabaki kimoja tu, kile kinachoshuka kutoka darini mpaka soketi iliyotazamana na kiti cha baba yake. Akiwa amechuchumaa, bisibisi mkononi, akainua macho kufuata njia ya waya.

Picha ya mama yake ilikuwa ukutani, wima kabisa juu ya soketi. Mwezi uliopita haikuwapo pale.

Aliishusha taratibu. Nyuma yake palikuwa na msumari wa inchi mbili, na kuuzunguka, alama ya penseli: msalaba ndani ya duara. Hakuna fundi mwingine ila baba yake aliyeweka alama hiyo. Alipouchomoa, ncha ilitoka na uchafu wa shaba. Ulikuwa umepita ndani ya waya, ukaishikanisha nyutro na ardhi. Ungeingia milimita chache upande wa pili, ungeugusa waya wa moto, na baba yake angekuwa ameushika kwa mkono.

Sheria ya kwanza ya Mzee Waya, kabla hata ya kushika plaisi: waya hushuka wima, hupita mlalo, basi juu ya soketi na kando yake si mahali pa msumari. Wanafunzi walikuwa wakiiimba kwa kumdhihaki. Mganga hajigangi, watu husema, lakini huyu hakuwa amekosa dawa. Alikuwa ameisahau.

"Ni nini?" mzee aliuliza.

Alitamani kusema panya. Alitamani kusema waya umezeeka. Lakini kesho kulikuwa na zahanati, na wanawake watakaolala kwenye vitanda vile, na ukuta ambao baba yake angeutoboa.

"Ni msumari, baba. Uliupiga wewe. Ili umwone mama ukiwa umekaa."

"Mimi?" Mzee aliinuka kwa ghadhabu. "Mimi nipige msumari juu ya soketi? Umerogwa?" Akaja, akainama, akaiona alama. Akaipitishia kidole mara mbili. Binti alimwona akitafuta siku hiyo kichwani mwake, akitafuta nyundo, akitafuta ngazi, asipate kitu.

"Mkono ni wangu," alisema mwishowe.

Akarudi kitini. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za zahanati, akampa.

"Nenda wewe, mama. Waambie Mzee anaumwa mgongo."

"Nitawaambia, baba."

Alitia funguo mkobani, akarudi kazini kwa kuwa kazi ilikuwa bado. Kile kipande kilikuwa cha kung'olewa na kuwekwa kipya. Kwa leo alifungua waya zake zote tatu darini, akazikinga ncha, soketi ikabaki mfu. Akapima tena, sindano ikanyanyuka. Akarudisha nyutro kwenye reli, akaufungulia umeme, akainua swichi ya usalama. Ikakaa. Akawasha breka, akachomeka friji, ikaanza kunguruma jikoni.

Akasimamisha picha ya mama juu ya kabati, akaanza kukusanya vifaa. Mzee alikuwa akilitazama tundu ukutani. Uso ukambadilika.

"Mama," aliita. "Nani amepiga msumari pale?"

Binti aligeuka. Ilikuwa haijapita hata nusu saa. Alitazama macho ya baba yake, makali, yenye kudai jibu. Funguo zilikuwa mkobani. Hapakuwa na mtu tena wa kuokolewa kwa ukweli.

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

"Wewe! Binti yangu mwenyewe!" Mzee alitikisa kichwa. "Njoo hapa. Kaa chini."

Akakaa sakafuni, mbele ya kiti, pale pale alipokaa akiwa na miaka kumi na sita.

"Waya hushuka wima," alisema Mzee Waya, akiunyoosha mkono kuonyesha. "Rudia."

"Waya hushuka wima," alisema binti yake, akilia.