Vijidoa Sitini na Vitatu

Mwalimu wa sayansi hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Kasoro yake ilikuwa moja: akishalisema jambo mbele ya darasa, basi limeshasemwa.

Kidato cha pili walikuwa na kazi ya kupima vumbi kwenye majani. Kila kundi na barabara yake, na kila barabara ilikuwa na ua wa mmea uleule. Wiki nzima mvua haijanyesha, unachuma majani kumi usawa wa kifua, upande unaotazama barabara. Unabandika selotepu juu ya jani, unaibandua, unaigandisha kwenye kadi nyeupe. Kisha unashika lenzi, unahesabu vijidoa ndani ya kisanduku cha sentimita moja ya mraba, unatafuta wastani. Mwalimu alitaka darasa lijionee kwamba magari yakizidi, vumbi linazidi. Jibu alikuwa nalo kichwani kabla hata jani moja halijachumwa.

Barabara kuu ya malori ilitoa vijidoa arobaini na kimoja. Ya madukani, ishirini na sita. Ikafika zamu ya binti mmoja mpole wa dawati la nyuma, aliyepewa peke yake njia ya kwao, inayopita gari moja moja. Akasoma: sitini na tatu.

Mwalimu akavua miwani. "Njia haina magari, vumbi limetoka wapi, mbinguni? Mwanangu, hizi namba umezipika. Kahesabu upya."

Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo binti akaitwa Mpishi, na mwalimu alilisikia jina hilo koridoni, akatabasamu akapita zake. Siku mbili baadaye binti akaleta kumi na mbili. Mwalimu akampongeza, akaichagua kazi ya darasa iende kwenye maonyesho ya shule za wilaya, na binti ndiye aende kuieleza.

Jumamosi mchana mwalimu akafunga safari kwenda kwao kumwombea ruhusa. Hakuwahi kufika huko. Akaiacha lami, akashika njia ya udongo, na hata hajafika mbali pikapu ikampita. Moja tu. Akabaki amesimama, anakohoa, macho kayafumba. Alipoyafumbua akauona ua: majani yote mekundu kwa udongo. Akapitisha kidole juu ya jani, chini yake kukatokea kijani.

Akaelewa papo hapo. Kule kwenye lami malori mengi yanaacha masizi na vumbi jeusi, ndiyo, lakini huku tairi nne tu zinautimua udongo wa njia nzima. Mtoto alikuwa amehesabu alichokiona. Mwalimu akatamani ardhi ipasuke immeze. Alikaribia kugeuza, lakini mama mwenye nyumba alikuwa ameshamwona.

"Karibu, mwalimu, karibu." Mama akapangusa kiti kwa kitambaa, akakipangusa tena. "Utuwie radhi kwa vumbi. Nafuta asubuhi, mchana limerudi."

Mwalimu akakaa, hajui aweke wapi mikono.

"Na nashukuru ulivyomnyoosha huyu," mama akaendelea. "Alirudi analia, eti amehesabu mara tatu. Nikamwambia, mwalimu amesoma, wewe ni nani umbishie? Nikamkemea mpaka akanyamaza."

Binti akaja na glasi ya maji, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Ilimtoka kwa shida. "Niambie ukweli. Ile mara ya pili, ulipata kumi na mbili kweli?"

Binti akamtazama mama yake kwanza. "Sikuhesabu, mwalimu. Nilifikiria wewe ungependa ngapi."

Mwaka mzima alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kupima. Kudanganya alimfundisha huyu mmoja, tena kwa siku mbili tu. Aibu iliyomshika hapo hajawahi kuijua tangu azaliwe.

"Mama," akasema, "mtoto wako alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na nilimwaibisha mbele ya wenzake. Jumatatu nitalisema hilo mbele ya haohao."

Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwa mama, na macho yake sasa yalikuwa kwa binti yake.

"Kadi zako za kwanza unazo?" mwalimu akamwuliza binti.

"Ninazo. Nilizificha chini ya godoro."

"Basi kwenye maonyesho utasoma sitini na tatu."

"Sawa, mwalimu." Binti akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa adabu zake zote, bila kinyongo: "Na wakubwa wa huko wakikataa, nibadilishe tena?"

Mwalimu akafungua mdomo amjibu, machozi yakamtangulia.