Kageha Aliyekula Amesimama

Hapana, Jacky, si mimi nilimfundisha shangazi yako Ayuma kusoma mbele ya watu. Mimi mwenyewe gazeti nashika, lakini ni picha naangalia. Kaa hapa nikueleze, hiyo chai iache ipoe.

Unakumbuka mwaka ule wa mvua ya El Nino, nguo zilikuwa zinakaa wiki nzima hazikauki? Wewe ulikuwa mdogo. Nyanya yako Kageha alikuwa anatimiza mwaka tangu tumzike. Na sisi kwetu, mwaka ukiisha, watu wanakuja kuomba, na mtoto wa kwanza anasimama kusoma historia ya marehemu. Kabla haijasomwa hakuna mtu anagusa chakula. Kuku inukie namna gani, utameza mate tu. Lakini barabara ya kwenda nyumbani kijijini ilikuwa imekatwa na maji, kwa hivyo tukasema tufanyie hapa hapa Umoja, Jumapili watu wakitoka kanisani.

Sasa mtoto wa kwanza ni Ayuma. Na Ayuma shule aliacha darasa la pili, abaki na wadogo wake. Kuandika alikuja kujua akiwa mtu mzima, kwa gumbaru, lile darasa la watu wazima pale kanisani, kwa mwalimu anaitwa Lydiah. Siku ya mazishi baba yako Javan ndiye alisoma, na alisoma Kizungu. Nzuri, sikatai, lakini wazee walikuwa wanaangalia viatu. Ayuma akaniambia siku hiyo, "Baba, mwaka ukifika nitasoma mimi. Na Mama atajulikana."

Basi akaandika kurasa mbili, kila jioni kidogo, akitoka kuuza chapati kwa geti ya kiwanda. Akampatia baba yako aangalie. Unamjua baba yako. Ni karani, karatasi ikipita mbele yake lazima iwe safi. Akachukua biro nyekundu. Karatasi iliporudi, ungedhani kuna kuku imechinjiwa hapo juu.

Ayuma akaipokea. Aliangalia, akakunja, akaiweka chini ya debe la unga. Halafu akasema, "Javan atasoma. Mimi nitapika."

Mimi nikaona hapana. Nikaitoa, nikaishika hivi, nikatingisha kichwa. "Mama yangu, hii ni nzuri sana."

"Baba, umeishika miguu juu kichwa chini."

Sasa ungefanya nini? Jumamosi nikachukua mwavuli nikaenda kwa Lydiah, anakaa laini ya tatu kutoka hapa. Nikampata anafua. Nikamweleza yote, akasema, "Ndiyo maana sikumwona darasani."

"Mwalimu, kuja tu umwambie ni nzuri. Maneno mawili, basi."

Akakamua sweta kwanza. "Mzee, nikimwambia hivyo atajua namdanganya, kama alivyokujua wewe. Atabaki hana cha kushika. Wacha niisome."

Alikuja mchana. Baba yako pia alikuwa hapo, ameleta viti vya kuazima. Ayuma alikuwa anachambua mchele na hakuinua macho.

"Sasa Ayuma."

"Poa mwalimu. Kama ni hiyo karatasi, imekwisha. Mimi si mtu wa kalamu."

"Nipatie nisome tu. Unaona sina biro."

Akaisoma yote, polepole. Pahali moja akacheka, akarudi nyuma, akasoma tena. Alipomaliza hakusema nzuri, hakusema mbaya. Aliuliza, "Watu wakitoka hapa kesho, unataka waende na nini juu ya mama yako?"

Ayuma akaendelea na mchele. "Kwamba alikuwa hakai," akasema. "Alikuwa anakula amesimama, sufuria kwa mkono, mpaka kila mtu ashibe. Wageni walikuwa wanadhani ana kiburi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa anangoja aone kama kuna mtu anataka kuongezwa."

"Umeiandika hapa," Lydiah akasema. "Ukurasa wa pili, mstari mmoja. Hapo ndipo nilicheka, nikamwona kabisa, na mimi sikuwahi kumjua. Lakini umemficha. Kabla nifike kwake nimepitia mwaka wa kuzaliwa, lokesheni, majina ya machifu."

"Hivyo ndivyo Javan alianza yake."

"Hii ni ya nani?"

Ayuma akatoa jiwe kwa mchele, akalitupa.

"Na kuna pahali nilipotea," Lydiah akaendelea. "Huyu Nyamai anatokea, wanagombana juu ya maji, halafu anapotea. Sikujua ni nani wala waliishia wapi."

Ayuma akasukuma sinia. "Kwa hivyo ni mbaya."

"Sijasema mbaya. Nimesema mimi, msomaji, nilipotea hapo. Unaweza kunionyesha njia, ama unaweza kumtoa Nyamai. Ni yako."

"Nyamai alikuwa jirani. Waligombana asubuhi, jioni Mama akampelekea uji, mtoto wake alikuwa mgonjwa."

"Hiyo ya uji haiko hapa."

"Nilidhani si ya kuandika."

Baba yako hapo akaingilia. "Na makosa je? Kuna maneno hapo hata dikshonari haijui."

Lydiah akacheka. "Javan, umesahihisha vizuri, hakuna kosa umeruka. Lakini angalia, robo ya hii karatasi anaweza kuitoa leo. Utapaka rangi aje ukuta ambao kesho unaweza kubomolewa?"

"Mimi nilikuwa namsaidia."

"Najua. Na bado tutakuhitaji, akimaliza. Ukiitwa."

Baba yako akakuna kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi pia nilirudishiwa hivyo shuleni. Nilidhani ndivyo inafanywa."

"Ulinichinja, wewe," Ayuma akamwambia, lakini alikuwa anatabasamu. Akachukua biro akampelekea Lydiah. "Haya mwalimu, sasa ipange wewe, una mkono mzuri."

Lydiah akaingiza mikono yote kwa mfuko wa sweta. "Mkono wangu umelowa. Mambo mawili tu leo: anza na sufuria, na malizia Nyamai. Mimi nitachambua mchele."

Na akachambua, vibaya sana, mawe tulipata. Ayuma akakalia ndoo, karatasi juu ya goti. Mara anafuta, mara anauliza, "Baba, ile sufuria ilikuwa na mkono mmoja ama miwili?" Mmoja, nikamwambia, ule mwingine ulivunjika tukiwa bado Mukuru. Akaandika. Jioni akaisoma kwa sauti, mwenyewe akasikia pahali panakwama, akapanyoosha. Ndipo akamwita kaka yake kuangalia herufi, na baba yako alitumia penseli, taratibu kama anatoa mwiba.

Jumapili nyumba ilijaa mpaka mlangoni. Ayuma alisimama, karatasi ameishika kwa mikono miwili. "Mama yangu alikuwa anakula amesimama," akasema, na dada ya Kageha, yule Khalayi wa Tassia, akapiga goti lake, "Eeh, huyo ndiye." Watu wakacheka, na Ayuma sauti ikatulia. Alipofika kwa uji, nilimwona Nyamai pale nyuma anapangusa macho na leso. Sikuwa najua amekuja.

Tukaomba, wali ukaletwa, na ugali, na mboga ya mrenda, na kuku. Kila mtu akapata pahali. Nikaangalia, Ayuma amesimama kando ya jiko, sufuria kwa mkono, anahesabu sahani za watu kwa macho.

Baba yako akamsukumia kiti chake. "Wewe dada, umesoma tumesikia. Kaa."

Akaangalia kiti. Akaangalia sufuria. Halafu akakaa, baba yako akakalia debe la unga, na tukaanza kula.